Picha Nne, Jukwaa Moja: Namna ya Kuzipanga Kabla Hamjatoa Kishika Uchumba

Kamati za harusi za Bangwe, Katonga, Ujiji na Mwanga hapa Kigoma zinauliza jambo lilelile kila msimu: wapambaji wanne wametuma picha za majukwaa, zote zinavutia, bibi harusi amependa moja, mama mkwe nyingine, mweka hazina anatazama bei tu, tuzipange vipi? Jibu la haraka ni kwamba picha hizo hazilingani, kwa hiyo haziwezi kupangwa zilivyo. Moja imepigwa kwenye ukumbi wenye dari refu mjini Dar es Salaam, nyingine bustanini, ya tatu imetiwa mwanga wa zambarau, na ya nne pengine si kazi ya huyo aliyeituma. Kabla ya kusema ipi ya kwanza na ipi ya mwisho, lazima zote zirudishwe kwenye kipimo kimoja, nacho ni ukumbi wenu.

Ukishazirudisha hapo, utaona kuwa vigezo vitatu ambavyo kila mtu anavitaja, yaani mizani, rangi na matumizi ya nafasi, havina uzito sawa. Nafasi inapimika kwa futi kamba na haibishaniwi. Mizani inaonekana kwa jicho lililotulia. Rangi ndiyo inayodanganya kuliko zote kwenye picha, na ndiyo inayorekebishika kwa urahisi kuliko zote baadaye. Kwa hiyo hukumu ianze na nafasi, ifuate mizani, imalizie na rangi. Watu wengi huanza na rangi, na ndiyo maana huishia kulipia jukwaa lisiloingia ukumbini.

Kwanza, pimeni ukumbi

Msiangalie picha hata moja kabla ya kuwa na vipimo hivi kwenye karatasi:

- upana wa jukwaa na kina chake, yaani kutoka ukutani hadi ukingo wa mbele;
- kimo cha jukwaa kutoka sakafuni;
- kimo cha dari kutoka sakafuni, kikipimwa pale jukwaa lilipo, maana dari la silingi bodi mara nyingine hushuka sehemu hiyo;
- pangaboi, soketi na madirisha vilipo.

Toa kimo cha jukwaa kwenye kimo cha dari, upate nafasi halisi ya kusimamisha pazia la nyuma. Tuchukue ukumbi wa mfano, tutakaotembea nao hadi mwisho: jukwaa lina upana wa mita 5, kina cha mita 2.5 na kimo cha sentimita 60, na dari liko mita 3.4 kutoka sakafuni. Mapambo yana mita 2.8 za kwenda juu, basi. Mita hizo 2.8 peke yake zitatupa nje picha nyingi za mtandaoni.

Kina nacho kinaliwa haraka kuliko watu wanavyodhani. Fremu ya pazia na miguu yake inachukua kama sentimita 40. Kochi la maharusi linachukua 90 hivi. Miguu ya waliokaa pamoja na gauni lililotandazwa mbele vinahitaji 80. Hapo tumeshafika mita 2.1, zimebaki sentimita 40, wakati mtu mmoja kupita bila kukanyaga gauni anataka kama 60. Maana yake ni kwamba katika ukumbi huu hakuna anayepita mbele ya maharusi hata kabla ya kuweka chungu kimoja cha maua. Watoa zawadi watasimama chini ya jukwaa, au maharusi watashuka. Hilo liamuliwe na kamati mapema, si na msururu wa watu saa nne usiku huku emsii anaita ukoo wa pili.

Pili, ombeni picha zinazofaa kuhukumiwa

Picha nzuri ya kutangazia biashara si lazima iwe picha nzuri ya kuamulia. Simu za siku hizi zina lenzi pana, ile unayoipata ukibonyeza 0.5x, inayonyoosha kingo na kulifanya jukwaa la mita 5 lionekane la mita 8. Dalili yake ni nguzo za pembeni zinazoinama kuelekea nje au ndani, na viti vya pembeni vinavyoonekana vinene kuliko vya katikati. Picha iliyopigwa mpiga picha akiwa amechuchumaa nayo hurefusha kila kitu. Kwa kila kazi, mwombeni mpambaji vitu vitatu:

- picha ya kawaida, bila kichujio, iliyopigwa kutoka katikati ya ukumbi kwa kimo cha macho;
- picha ya jukwaa hilohilo watu wakiwa wamekaa juu yake;
- video fupi ya kutembea kutoka mlangoni hadi jukwaani.

Hapa wengi husita: mpambaji ataona tunamdharau. Hapana. Aliyefanya kazi mwenyewe anazo video chungu nzima kwenye simu, na atazituma kabla hujamaliza kunywa chai. Aliyeokota picha mtandaoni ndiye atakayekuambia simu iliibwa. Akikosa video, picha yake isitupwe, lakini ihesabiwe kuwa ni ombi lenu kwake, yaani "tutengenezee kitu kama hiki", si ushahidi wa kazi yake. Picha ya ombi na picha ya ushahidi zisipangwe kwenye orodha moja.

Nafasi: namna ya kupima picha kwa rula

Picha haina vipimo, ila ndani yake kuna vitu ambavyo kimo chake kinajulikana. Mlango wa kawaida wa fundi seremala ni futi 7, kama mita 2.1. Mwanamume wa kimo cha wastani tumkadirie mita 1.7. Kiti cha plastiki, ukipime kimoja hapo hapo ukumbini. Weka rula kwenye kioo cha simu, pima kitu hicho, kisha pima pazia la nyuma, na ufanye hesabu ya uwiano.

Tuseme kwenye picha ya kwanza bwana harusi aliyesimama ana sentimita 3 juu ya kioo, na tao la nyuma yake lina sentimita 6.5. Gawa 6.5 kwa 3, zidisha kwa 1.7, unapata karibu mita 3.7. Na hicho ni kiwango cha chini: bwana harusi yuko mbele ya tao, karibu zaidi na kamera, kwa hiyo anaonekana mkubwa kuliko angekuwa ameegemea tao lenyewe. Tao halisi ni refu zaidi ya hapo. Ukumbi wetu una mita 2.8. Mpambaji atasema litakatwa. Litakatwa, ndiyo, lakini tao likipunguzwa karibu mita nzima bila kupunguzwa upana linageuka kuwa geti la kuingilia shuleni. Uzuri wake ulikuwa kwenye urefu wake.

Baada ya kimo, hesabu viti. Kwenye sherehe nyingi za kanisani jukwaa hubeba watu wanne, maharusi na wasimamizi wao. Kochi la watu wawili lina kama mita 1.7, viti viwili vya wasimamizi sentimita 80 kila kimoja, na mianya kati yao: jumla inakaribia mita 4. Kwenye shughuli za wanawake, kama zinavyofanyika Ujiji, bibi harusi anaweza kukaa peke yake, lakini usiku kucha mashoga na mashangazi watapanda mmoja mmoja kukaa ubavuni mwake na kupiga picha. Huko hitaji si viti vinne, ni njia pana ya kupandia na kushukia. Picha moja inaweza kuwa ya kwanza kwa shughuli ya aina moja na ya tatu kwa nyingine. Ndiyo maana kumuuliza jirani "nyinyi mlichagua ipi?" hakusaidii sana.

Kosa la kawaida kwenye kigezo hiki ni kudhani kwamba jukwaa lililojaa ndilo lililotumia nafasi vizuri. Kujaa si kutumia. Angalia sehemu tatu: juu ya vichwa vya waliokaa, pembeni mwa kochi, na mbele ya miguu. Juu pakiwa tupu kabisa, watu wanaonekana wamezama. Mbele pakiwa pamejaa, hawaonekani kabisa kwa wageni waliokaa, kwa sababu jukwaa la sentimita 60 pamoja na chungu cha maua cha sentimita 50 vinafika usawa wa macho ya mtu aliyekaa kwenye kiti chini ya jukwaa.

Mizani: jicho linatua wapi?

Mizani haimaanishi kwamba kushoto na kulia lazima vifanane. Maana yake ni kwamba vitu vizito kwa jicho, yaani vikubwa, vyeusi sana au vinavyong'aa, vimegawanywa hivi kwamba jicho linatulia pale walipo maharusi. Keki ndefu upande mmoja inaweza kubebwa na stendi moja ya maua upande wa pili, na jukwaa likakaa sawa kuliko lile lenye nguzo mbili pacha huku jina la wahusika limewashwa kwa taa kwenye kona ya juu.

Jaribio lake ni rahisi. Punguza picha kwenye simu mpaka iwe na ukubwa wa kidole gumba, itazame sekunde mbili, ifunike. Uliona nini kwanza? Kama ni viti, vizuri. Kama ni herufi za taa au shada la kando, picha ishuke. Kisha ifunike nusu ya kushoto kwa karatasi, halafu ya kulia: nusu ipi inaonekana ingeweza kujitegemea, na ipi inaonekana kama stoo? Mwisho, igeuze juu chini. Ukiigeuza, unaacha kuona maua na makochi, unaona mabonge ya rangi tu, na bonge lililozidi linajitokeza lenyewe.

Jihadharini na picha za majukwaa matupu. Jukwaa tupu likiwa na mizani kamili linaweza kuipoteza mara watu wanne wanapokaa, hasa kama bibi harusi mwenye gauni pana anakaa upande mmoja na bwana harusi mwenye suti nyembamba upande wa pili. Ndiyo sababu ya kuomba ile picha yenye watu.

Rangi: mwisho, na kwa tahadhari

Pingamizi kubwa dhidi ya utaratibu huu ni kwamba wageni hawaji na futi kamba. Wanaona rangi, wanapiga picha, wanakwenda. Ni kweli. Lakini rangi wanayoiona wageni si ile iliyo kwenye picha ya mpambaji. Ni rangi ya kitambaa chini ya taa za ukumbi wenu, kwa saa ambayo sherehe yenu inafanyika. Kuipa rangi ya kwenye picha nafasi ya kwanza ni kuhukumu kitu ambacho hakitakuwepo.

Kigoma ina jambo lake hapa. Tuko magharibi kabisa ya nchi lakini saa yetu ni ileile ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua linazama nyuma ya milima ya Kongo karibu na saa moja jioni, wakati Dar giza limeshaingia. Kama ukumbi wenu una madirisha upande wa ziwa na maharusi wanaingia saa kumi na mbili, taa za rangi ukutani hazitaonekana kwa saa nzima ya mwanzo. Pazia lililopendwa kwa sababu ya mwanga wake wa zambarau litakuwa kitambaa cheupe kilichokunjamana. Ama zibeni madirisha, ama chagueni jukwaa ambalo rangi yake iko kwenye kitambaa chenyewe.

Taa hizo zina tatizo la pili. Mwanga mkali wa buluu au kijani ukimwagwa usoni huondoa joto la ngozi nyeusi, na watu wanatoka kwenye picha wakiwa na rangi ya majivu. Mwanga wa njano laini unaitunza. Taa za rangi zielekezwe kwenye pazia, za njano zielekezwe kwa watu. Picha ambayo nyuso za watu zimegeuka buluu ishushwe, hata kama pazia lake ni la kifalme.

Kujua kama picha imetiwa kichujio, tafuta kitu ambacho unajua ni cheupe: sahani, shati la bwana harusi, kitambaa cha viti. Kama chenyewe kinavuta kwenye pichi au samawati, basi rangi zote za picha hiyo zimevutwa upande huo. Kisha ibadilishe picha iwe nyeusi na nyeupe, jambo ambalo simu yoyote inaweza. Gauni jeupe likipotea ndani ya pazia, hata usiku wa harusi litapotea. Pazia la krimu lenye mkanda wa damu ya mzee nyuma ya kochi litalitoa gauni waziwazi. Pazia jeupe tupu halitalitoa. Na kabla ya kufunga hesabu, ombeni kipande cha kitambaa chenyewe, mkitazame ukumbini usiku, pembeni ya kitenge cha sare ya ndugu. Satini inayometa dukani mchana inaweza kuwaka kama bati chini ya taa.

Tuzipange zile nne

Ziandikeni namba, ondoeni majina ya wapambaji na bei. Kila mjumbe azipange peke yake kabla ya kikao, maana anayesema kwanza huvuta wengine. Zilinganisheni mbili mbili: ya 1 na ya 2, ya 1 na ya 3, mpaka mwisho. Picha nne zina jozi 6, jambo la muda mfupi. Picha nane zina jozi 28, na huko ndiko watu huanza kusema "yoyote tu". Msivuke tano.

Picha ya 1 ndiyo yenye matao matatu ya dhahabu, mita 3.7 na zaidi. Ya 2 ni pazia la krimu la mita 2.5 lenye mkanda wa damu ya mzee katikati, stendi ndefu ya maua kushoto na keki kulia. Imepigwa bila taa, inaonekana imepauka. Ya 3 ni ukuta wa maua wenye mita 2.4, mstari wa vyungu mbele, majina ya taa kona ya juu kulia, mwanga wa zambarau. Ya 4 ni nyeupe yote, vitambaa vikishuka kutoka darini hadi ukutani.

Kwa mtazamo wa kwanza, kamati nyingi zingeweka ya 1 juu na ya 2 chini. Tupime. Ya 1 haiingii. Hakuna haja ya kuendelea nayo. Ya 4 inaingia, ila vitambaa vya darini haviwezi kukaa pamoja na pangaboi zinazozunguka, na kuzizima ukumbi ukiwa umejaa ni kuwapika wageni. Tena gauni litapotea kwenye weupe. Hata hivyo kasoro zote mbili zinaondoka kwa kupunguza vitambaa vya darini na kuongeza kitambaa cha rangi nyuma ya kochi, na mizani inabaki. Ya 3 inaingia kwa kimo, lakini vyungu vyake vinamaliza zile sentimita 40 za mbele. Viondoe, na sasa majina ya taa ya kulia hayana cha kuyabeba upande wa kushoto, kwa sababu vyungu ndivyo vilivyokuwa vikiyabeba. Rangi yake ya kweli haijulikani kabisa. Ya 2 inaingia bila kuguswa, jicho linatua kwenye mkanda mwekundu ambako watu watakaa, na rangi yake ni ya kitambaa. Mpangilio: 2, 4, 3, 1.

Mtu atauliza kwa nini tusitoe alama kumi kwa kila kigezo, tujumlishe. Kwa sababu jumla huficha. Picha ya 1 ikipata 2 kwa nafasi, 9 kwa mizani na 9 kwa rangi, ina 20. Ya 2 ikipata 8, 7 na 4, ina 19. Karatasi inasema ya 1 imeshinda, na bado haiingii ukumbini. Nafasi iwe mlango: isiyopita isihesabiwe mbele. Zilizopita zipangwe kwa mizani, na rangi iamue zinazokaribiana.

Kama bibi harusi ameshaipenda ya mwisho

Msimnyang'anye, muulizeni amependa nini hasa. Mara nyingi si jukwaa zima, ni kitu kimoja: dhahabu ya tao, au aina ya ua. Dhahabu inaweza kuhamia kwenye mkanda wa picha ya 2. Maua mabichi ni suala jingine. Ya biashara hulimwa zaidi Arusha na Kilimanjaro, na mpaka yafike Kigoma yamesafiri sana. Mpambaji akionyesha jukwaa la mawaridi mabichi, muulizeni yatafika kwa njia gani, siku gani, na yatahifadhiwa wapi kwa ubaridi. Jibu likiwa la kubabaika, ihukumuni picha hiyo kana kwamba maua yake ni ya plastiki.

Na kama sherehe ni nje, ufukweni Bangwe, ongezeni swali moja juu ya nafasi: fremu inafungwa na nini? Miezi ya kiangazi upepo wa kusini mashariki huvuma juu ya ziwa, na pazia la shifoni la mita 5 ni tanga. Fremu isiyo na uzito miguuni wala kamba za kuivutia nyuma ishuke hadi mwisho wa orodha.

Mkishachagua

Chapisheni picha iliyoshinda, ibandikeni kwenye karatasi ya makubaliano, na pembeni yake muandike kwa mkono mabadiliko yote: pazia mita 2.5, hakuna vyungu mbele, taa za njano mbili kwa watu, majina ya taa hayawekwi. Andikeni pia saa ya mpambaji kuanza kazi na saa ya kukabidhi, walau saa mbili kabla ya wageni, ili mjumbe mmoja apate muda wa kukaa kwenye kochi huku mwingine akisimama mlangoni kumtazama. Malipo ya mwisho yatolewe baada ya hapo.